Harusi Ngomeni: mteja ataka droni ipite juu ya Fort Jesus. Naanzia wapi?

PichaKibokoni

Wakuu, habari zenu. Nafanya vidio za harusi hapa Mombasa, huu mwaka wa saba. Nina kamera mbili na kijana mmoja wa taa. Nimepata kazi ya Disemba: bwana harusi ni wa hapa Mji wa Kale, bibi harusi kwao Maskati. Wazee wa kule hawajali mengine yote ila picha moja. Droni itoke baharini, ipande ukutani Ngomeni, iwakute maharusi wamesimama pale juu kwenye mizinga, kisha izidi kupanda mpaka ngome nzima ionekane. Sekunde 20 tu. Kaka yake bibi harusi ana droni ndogo ya gramu 249, asema ataibeba kwenye begi na mimi nitairusha.

Leseni ya droni sina. Na mwaka juzi nilisimamisha tripodi nje ya lango kuu bila barua yoyote, askari akaja, nikakaa naye saa mbili, mwisho nikaambiwa nifute kadi. Nikafuta. Mle ndani mlikuwa na nikaha ya mtu mwingine kabisa. Sitaki kurudia yale.

Je, kibali naomba kwa nani? Makumbusho? Kaunti? Na nikipata kimoja, chatosha?

MwanaKisauni

Ndugu yangu unajisumbua. Droni ikiwa chini ya gramu 250 haina haja na usajili wala leseni, ndiyo maana wenyewe waliotengeneza wakaipa gramu 249. Mimi nimerusha Diani na Watamu mara chungu nzima, hakuna aliyeniuliza. Tena ile programu ya kwenye simu ingekuwa hairuhusiwi ingekataa kuwasha mapanga. Ikiwaka, rusha.

MtuWaForodhani

Ngomeni hapo hakuna shida, mimi nilipiga tamthilia mwaka jana. Unaanza na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU, wanataka kuiona hadithi yako kwanza. Halafu watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ndege nyuki ndiyo kazi kidogo, lazima mamlaka ya anga, TCAA, na watu wa ulinzi nao waridhie. Ukipiga jioni upande wa bustani, taa za wauza pweza zinapendeza sana.

PichaKibokoni

Ahsante kaka, lakini wewe wasema Ngome Kongwe ya Unguja. Mimi Ngomeni ya Mombasa.

MtuWaForodhani

Hahaa! Nimeona Ngomeni, Mji wa Kale, bahari, nikajua kwetu. Basi samahani. Lakini mpango utakuwa ule ule, subiri uone.

BintiMtwapa

Nimesoma nikaona nisinyamaze. Mimi nina leseni ya rubani wa droni, kazi yangu kubwa ni kupima mashamba huko Kilifi, harusi nafanya mara moja moja. Nianze na MwanaKisauni kabla hajamfunga mtu.

Hizo gramu 250 ni mpaka wa Ulaya na Marekani, na hata huko haukupi ruhusa ya kila kitu. Hapa Kenya tuna kanuni zetu za mwaka 2020, zinazosimamiwa na mamlaka ya anga, KCAA, na hazikumwachia mtu mlango kwa sababu droni yake ni nyepesi. Droni inasajiliwa. Anayefanya biashara nayo awe na cheti cha uendeshaji, anayeshika rimoti awe na leseni, na bima ya kumlipa mtu wa tatu iwepo. Hujaulizwa Diani kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja na wewe siku ile. Na ile programu ya simu ni ramani ya kiwanda. Inajua viwanja vya ndege, haijui nani ana nyumba ng'ambo ya barabara.

Sasa PichaKibokoni, fungua ramani tuangalie mahali penyewe. Kanuni inataka ukae mbali na kiwanja kikubwa cha ndege kwa kilomita 10, ukitaka kuwa ndani ya hapo unaomba ruhusa maalum. Pima kutoka katikati ya uwanja wa Moi mpaka Ngomeni kwa mstari wa kunguru. Mimi nimepima sasa hivi: inakuja karibu kilomita 10 kamili. Ukibonyeza kidole ukutani upande wa bahari unapata zaidi kidogo, ukibonyeza langoni unapata pungufu. Kwa hiyo uko ukingoni, na mtu wa ukingoni haombi kwa kusema "mimi niko nje ya duara". Anaandika kana kwamba yuko ndani.

Lakini kwa Ngomeni kiwanja cha ndege ndiyo shida ndogo. Tazama kusini. Ikulu ya Mombasa ni jirani pale pale, hata jasho halikutoki ukienda kwa miguu. Ng'ambo ya mlango wa Kilindini kuna kambi ya wanamaji, Mtongwe. Ile droni inayotoka baharini na kupanda ukutani, kwa mtu aliyekaa zamu Ikulu, ni kitu kisicho na jina kinachotoka upande wa maji kikija juu. Yeye hajui kama kuna maharusi.

MwanaKisauni

Sasa dada, ukisema hivyo hata tiara watoto wasirushe.

BintiMtwapa

Tiara haina kamera na ina uzi mkononi mwa mwenyewe. Hebu twende.

JiraniWaKuze

Mimi si mtaalamu, ni mama wa nyumba hapa Kuze, lakini kwa kuwa mada ni droni na harusi nami nina langu. Mwaka jana tulikuwa na kupamba nyumbani, usiku, juu ya paa, wanawake watupu. Watu wamevua mabuibui, wamejitia viluwa, wanacheza. Mara tukasikia mlio kama nyuki wengi, tukaona taa nyekundu na kijani juu ya vichwa vyetu. Kumbe ni harusi nyengine mtaa wa pili, mpiga picha wao anatafuta "mji wa kale usiku". Watu walikimbia ngazini mpaka mmoja akateguka mguu. Tukaenda kwa huyo kijana, akatuambia hewa haina mwenyewe.

Nauliza tu, hivyo vibali vyenu vyote mnavyovitaja, kuna hata kimoja kinachoulizia mwenye paa?

BintiMtwapa

Bi JiraniWaKuze, pole sana. Huyo kijana alikosea mara tatu kwa usiku mmoja. Kurusha usiku peke yake kwataka ruhusa mbali. Halafu kuna mita 50: usisogelee mtu, chombo wala jengo ambalo haliko chini ya mamlaka yako kwa chini ya hapo. Mji wa Kale nyumba zimebanana hivi, mita 50 utazipata wapi? Na la tatu, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi, kuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, na wanawake waliovua mabuibui nyumbani kwao hawakumpa mtu ridhaa.

Kuhusu kama kibali kinamuulizia mwenye paa, kwa ukweli fomu inamuulizia mwenye ardhi unaporukia na kutua. Anayepitiwa juu haandikwi. Mimi huwa nazunguka nyumba za karibu siku moja kabla, nabisha hodi, nasema saa ngapi na dakika ngapi. Hakuna kanuni iliyonilazimisha.

JiraniWaKuze

Basi iwepo.

Maskati_Kwetu

Niseme kuhusu hiyo droni ya kwenye begi, maana mimi nilikuwa huyo kaka wa bibi harusi, harusi nyengine. Nilitua Moi na droni yangu ndogo, risiti ninayo, sikuficha. Mzigo ukapita mashineni, nikaitwa pembeni. Swali lilikuwa moja: kibali cha KCAA cha kuingiza kiko wapi? Sina. Hakuna aliyenipigia kelele. Wakaichukua, wakaandika nambari ya mashine kwenye karatasi, nikapewa nakala. Harusi ikaisha bila droni. Siku ya kurudi nilikwenda uwanjani saa nne kabla ya safari, nikazunguka ofisi tatu, nikalipa gharama ya kuhifadhi, nikakabidhiwa nikiwa karibu kupitwa na ndege.

Kibali kinaombwa kabla hujapanda ndege. Mwambie huyo shemeji aiache nyumbani. Na ile karatasi ukipewa usiipoteze, ndiyo droni yako sasa.

MzeeWaSinema

Nimefanya kazi ya kuwapokea wapiga filamu wageni tangu enzi za kamera za mikanda, kwa hivyo niongeze upande wa ardhini, maana mmekwama angani.

Ukisimama ndani ya Ngomeni uko kwenye mali ya Makavazi ya Kitaifa. Hiyo ni ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, kwa hiyo usitarajie askari wa getini akupe jibu. Tiketi ya kuingilia ni ya kuangalia na kupiga picha zako za kumbukumbu. Ukiwa na maharusi, taa, tripodi na watu wa kubeba mikia ya nguo, hiyo ni kazi ya malipo, ina ada yake na barua yake. Unamwandikia msimamizi wa Ngomeni: tarehe, saa, watu wangapi, vifaa gani, picha zitakwenda wapi. Neno "droni" uliandike waziwazi hata kama unajua litakuletea maswali. Ukilificha, barua uliyopewa haikulindi siku droni itakapoonekana.

Hiyo barua ya Makavazi haikupi anga. Na karatasi ya KCAA haikupi ukuta. Hapa ndipo wengi wanapoumia, anakuja na karatasi moja nzuri yenye muhuri, anamwonyesha mtu ambaye muhuri huo si wake.

Halafu kuna leseni ya filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Harusi ya kuangaliwa na jamaa sebuleni Maskati si hiyo. Lakini nyinyi vijana mnaichukua picha ile ile, mnaiweka YouTube na nambari ya simu chini ili mpate wateja. Hapo umekwenda wapi? Watu wamebishana miaka kuhusu video za mtandaoni na sheria hii ya zamani, na bado wanabishana. Mimi ningekuwa wewe ningeuliza kwanza kwa maandishi, nikaweka jibu kwenye faili.

PichaKibokoni

Mzee, sijaelewa jambo moja. Nikisimama barabarani, nje ya lango, kama nilivyofanya mwaka juzi, pale si pa Makavazi. Kwa nini nilishikwa?

MzeeWaSinema

Barabarani ni pa kaunti, na ukiweka tripodi mahali pa watu kupita kaunti ina ada yake. Lakini dhana yangu ni kwamba hukushikwa kwa sababu hiyo. Ulielekeza kamera wapi?

PichaKibokoni

Nilitaka bwana harusi atembee akija kwangu, ngome kushoto kwake. Nyuma yake ni ile barabara inayokwenda... ah.

MzeeWaSinema

Umeona. Nyuma yake ni njia ya kwenda Ikulu. Askari hakuiona ngome wala bwana harusi, aliona lenzi ndefu iliyotulia saa nzima ikitazama upande ule. Pale pale ungegeuza tripodi ukaipa Ikulu mgongo, ungemaliza kazi yako. Kabla hujafungua kamera popote Mombasa, jiulize nyuma ya mtu wako kuna nini. Bandari ya Kale vivyo hivyo, askari wa pale hawapendi kamera. Kivuko cha Likoni vivyo hivyo.

Na siku ukiitwa, usifute kitu kwa haraka na usibishane. Ikiwa droni iko juu, ishushe kwanza, usizungumze na mtu huku unashika rimoti. Toa barua zako zilizochapishwa, kwa sababu simu huisha chaji na tena ukimpa simu umempa kila kitu kilichomo. Akisema twende kituoni, nenda, na ukifika omba jambo liandikwe kwenye kitabu cha matukio upate nambari ya OB. Vifaa vikibaki pale, orodha yake na nambari za mashine ziandikwe. Mara nyingi ukishaomba OB, yule aliyekuwa na maneno mengi anakumbuka kwamba ana kazi nyingine.

MwanaKisauni

Au unampa ya chai yanaisha.

MzeeWaSinema

Ukimpa leo, kesho atakutafuta wewe, tena na mwenzake. Na umegeuza kosa la karatasi kuwa kosa la hongo.

PichaKibokoni

Nimeelewa. BintiMtwapa, tuseme nataka kufanya kihalali mpaka mwisho. Itakuwaje?

BintiMtwapa

Usijaribu kujipatia leseni wewe kwa ajili ya sekunde 20. Tafuta mwendeshaji aliye na cheti tayari. Mwombe akuonyeshe vitu vinne: cheti cha uendeshaji na tarehe ya mwisho, usajili wa ile droni yenyewe atakayokuja nayo, leseni ya atakayeirusha, na bima. Linganisha nambari ya kwenye cheti na iliyo mwilini mwa droni. Nimeona mtu ana cheti safi cha droni iliyoanguka baharini miaka miwili nyuma, anarusha nyingine kabisa.

Yeye ndiye ataandika kwa KCAA. Ataweka alama za mahali kwa latitudo na longitudo, tarehe na tarehe ya akiba, saa ya kuanza na kumaliza, urefu wa juu kabisa, mahali pa kurukia na pa kutua, na barua ya Makavazi kama mwenye ardhi. Upande wa usalama utataka kujua kwa sababu ya majirani niliowataja, na hapo ndipo siku zinakwenda. Anza sasa, si Novemba. Siku yenyewe mnara wa Moi unaarifiwa kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Na uibadilishe ile picha. Kwanza isitoke baharini. Irukie ndani ya ngome, kwenye ua, ipande wima, itue pale pale iliporukia. Kwa anayetazama kutoka nje, kitu kinachopanda na kushuka mahali pamoja hakimshtui kama kinachomjia. Pili, ifanyike kabla ngome haijafunguliwa kwa wageni. Maharusi ni watu wako, wamekubali, wako chini ya maelekezo yako. Mtalii aliyekata tiketi si wako, na mita 50 ndani ya ngome ile ni karibu kila kona. Tatu, urefu. Kanuni inaishia futi 400, yaani kama mita 120. Ile picha ya ngome kama mtu aliyelala chali, kichwa upande wa bahari, unaipata kabla ya hapo.

MtuWaForodhani

Kweli inafanana na mtu?

BintiMtwapa

Kwenye ramani utaona. Chini hapa unaona kuta tu, ndiyo maana wazee wanaitaka.

MwanaKisauni

Haya, na wakikataa?

BintiMtwapa

Wanaweza kukataa, hasa kama mkubwa yuko Ikulu wiki hiyo, na Disemba wakubwa hupenda Mombasa. Hutaambiwa sababu. Kwa hiyo katika mkataba wa harusi usiandike "picha ya droni ya Ngomeni". Andika "picha ya Ngomeni, kwa droni ikiwa kibali kitatoka". Nimemwona mwenzangu akirudisha nusu ya pesa za harusi nzima kwa kukosa neno "ikiwa".

MzeeWaSinema

Na uwe na picha ya pili mfukoni. Kodi mashua alfajiri, mwenye leseni na maboya. Ukuta wa Ngomeni wa upande wa maji umetazama mashariki, jua likichomoza linaupiga wote, ule mwamba wa matumbawe unakuwa rangi ya mchungwa kwa dakika kama 15 hivi. Maharusi wasimame juu ukutani na barua ya Makavazi, wewe uko majini na lenzi ndefu, mawimbi yanakupandisha na kukushusha polepole, ukipunguza kasi ya picha inakuwa kama droni. Mwambie nahodha asikuzungushe kuelekea Kilindini. Mgongo wako uwe upande wa Nyali.

JiraniWaKuze

Hiyo ya mashua hata mimi nimeipenda. Haina mlio.

PichaKibokoni (wiki tatu baadaye)

Narudi na habari. Makavazi wamenijibu, ada nimelipa, nimepewa saa moja kabla ya kufungua. Nimempata mwendeshaji mwenye cheti, nikalinganisha nambari kama alivyosema BintiMtwapa, akacheka akasema mimi wa kwanza kumfanyia hivyo. Maombi ya anga ameyapeleka. Upande wa usalama bado kimya, tumeambiwa tusubiri.

Ile ya leseni ya filamu nimeandika kuuliza, nikajibiwa nipige simu, nikapiga, nikaambiwa niandike.

Juzi nikasema nijaribu mashua. Tulitoka saa kumi na moja na nusu, kijana wangu akasimama ukutani na kanzu na mpwa wangu na shela ya kuazima. Dakika zilikuwa chache kuliko 15, mzee, labda tisa, kisha jua likawa jeupe. Kosa langu: maji yalikuwa yamekupwa, chini ya ukuta pakabaki mawe meusi na chupa za plastiki, fremu ikawa na uchafu robo nzima. Nitarudi maji yakiwa yamejaa, nimeshaangalia jedwali, siku ya harusi yanajaa mapema. Askari mmoja alitutazama kutoka juu, mwenye mashua akampungia mkono, naye akapunga.

Nimewatumia Maskati. Baba wa bibi harusi amejibu kwa sauti, dakika nzima anasifu, anaomba dua. Mwisho kabisa akauliza, "Lakini yule mtu aliyelala yuko wapi?"